Pima upenyevu wa nywele kabla ya kupaka rangi: jaribio la kuelea na jaribio la kishungi

Rangi ya boksi moja, iliyochanganywa katika bakuli moja na kukaa kichwani kwa muda uleule, mara nyingi hutoa rangi mbili. Mashina hubaki mepesi kuliko ilivyotakiwa, na ncha huwa nyeusi tii. Wiki tatu baadaye mambo hugeuka: mashina yameishika rangi vizuri, ncha zimechuja na kupauka. Wengi hulaumu boksi. Mara nyingi tofauti iko kwenye unywele wenyewe, katika jinsi kila sehemu yake inavyoruhusu maji na rangi kuingia na kutoka. Huo ndio upenyevu, na unaweza kuupima nyumbani kabla ya kupaka chochote kichwani.

Unywele umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kwa tabaka kadhaa, kama vigae vya paa, na juu ya magamba hayo kuna utando mwembamba sana wa mafuta uliojishikiza kwenye gamba lenyewe. Utando huo ndio unaofanya unywele mchanga uyakatae maji. Blichi, rangi za kudumu na dawa za kulainisha nywele huuondoa, na shampuu haiwezi kuurudisha, wala kondishna. Baada ya hapo magamba huanza kuinuka, kuvunjika na kudondoka, hasa kwenye ncha ambazo zimepigwa na chanuo, jua na pasi kwa miaka.

Sasa fikiria kinachotokea rangi ya kudumu inapopakwa. Alkali iliyomo, mara nyingi amonia, huvimbisha unywele na kuyainua magamba. Chembe ndogo zisizo na rangi huingia ndani, na haidrojeni peroksaidi iliyomo kwenye developa huziunganisha ziwe chembe kubwa zenye rangi ambazo haziwezi kutoka kirahisi. Kwenye unywele ambao magamba yake bado yamelala vizuri hatua ya kwanza huchukua muda, lakini kilichoingia hubaki. Kwenye unywele ulioharibika mlango uko wazi tangu mwanzo, kwa hiyo rangi hujaa upesi, na kwa mlango huohuo hutoka kila unapoosha. Ndiyo maana nywele zinazokolea haraka kupita kiasi ndizo pia zinazochuja haraka.

Jaribio la kuelea: lifanye, lakini lisikudanganye

Jaribio hili ni maarufu kwa sababu linahitaji glasi ya maji tu. Kwa kawaida watu huokota unywele kwenye chanuo, huutupa ndani ya maji, na kusema ukielea upenyevu ni mdogo, ukizama ni mkubwa. Likifanywa hivyo halina maana kubwa. Unywele ni mzito kuliko maji, kwa hiyo ukilowa kabisa utazama hata ukiwa na afya. Unaoelea unabebwa na ngozi ya juu ya maji, na unaendelea kubebwa kwa muda wote ambao uso wake unayakataa maji. Jaribio hili, basi, linajibu swali moja dogo: je, uso wa unywele bado unayakataa maji? Halisemi chochote kuhusu muda wa rangi.

Hata hivyo jibu hilo dogo lina faida ukilinganisha sehemu za unywele mmoja. Osha nywele kwa shampuu mara mbili, suuza vizuri, usitie kondishna wala mafuta, kisha ziache zikauke zenyewe. Kata nywele tatu kutoka sehemu moja, karibu na ngozi. Kutoka kila unywele kata vipande vitatu vya sentimita 2: kimoja cha shina, kimoja cha katikati, kimoja cha ncha. Viweke kwenye karatasi tatu zilizoandikwa majina, kwa sababu vikishachanganyika huwezi kuvitambua. Jaza glasi tatu maji ya kawaida yasiyo baridi wala moto, moja kwa kila sehemu. Shika kipande kwa kibanio cha nyusi na ukilaze juu ya maji bila kukisukuma. Angalia baada ya dakika 5.

Ukikuta vipande vya shina vinaelea na vya ncha vimezama, umeshajua kwamba kichwa hicho hakiwezi kupakwa rangi yote kwa wakati mmoja. Vyote vikielea, angalia kwanza kama mafuta au silikoni ya kondishna imebaki. Vyote vikizama, shuku glasi: tone la sabuni lililobaki huvunja ngozi ya maji, na hapo hata unywele mzima kabisa utazama. Nywele nene pia huzama mapema kuliko nyembamba kwa sababu ya uzito wake tu, kwa hiyo usilinganishe kichwa cha mtu mmoja na cha mwingine kwa glasi.

Kama glasi zinakusumbua, kuna njia nyepesi ambayo sisi tunaiamini zaidi. Bana kishungi cha nywele safi na kavu, kinyooshe, na udondoshe tone moja la maji kwenye shina, moja katikati na moja kwenye ncha. Tone likikaa juu kama shanga, uso bado una utando wake. Likinywewa papo hapo na mahali pale pakawa peusi, hauna.

Jaribio la kishungi, lenye jibu la kweli

Hapa hukisii tena. Unaziuliza nywele hizohizo, kwa rangi ileile na developa ileile utakayotumia.

Kwanza jambo la usalama. Jaribio hili halichukui nafasi ya kupima mzio wa ngozi. Kipimo cha mzio hufanywa saa 48 kabla ya kupaka, kwa kufuata karatasi ya maelezo ya rangi yenyewe, na lazima kifanywe hata kama mtu amewahi kutumia rangi hiyo. Unaweza kuvifanya vyote viwili siku moja.

Kata vishungi vinne vyembamba, kila kimoja unene wa njiti ya kiberiti, kutoka mahali pamoja palipofichika chini ya nywele za kisogoni. Kata karibu na ngozi ili upate urefu wote. Kama nywele za mbele zimepigwa blichi au pasi kuliko za nyuma, kisogo hakiwezi kuzisemea, kwa hiyo chukua vishungi vingine kutoka huko na uvipime kivyake. Funga kila kishungi kwa uzi upande wa shina, ili ujue wapi ni juu. Andika 10, 20 na 35 kwenye vipande vya plasta na ubandike kwenye nyuzi za vishungi vitatu. Kishungi cha nne hakiguswi, ndicho cha kulinganishia. Namba 35 hapa ni mfano wa rangi ambayo maelezo yake yanasema dakika 35. Kama yako inasema 30 au 45, tumia muda huo na ubadilishe namba.

Pima gramu 5 za krimu ya rangi kwa mizani ndogo ya jikoni, kwenye bakuli la plastiki au la kioo, si la chuma. Ongeza developa kwa uwiano ulioandikwa kwenye boksi: kama ni 1 kwa 1.5, weka gramu 7.5, kama ni 1 kwa 2, weka gramu 10. Usikisie kwa kijiko. Kwa kiasi kidogo namna hii, kosa la gramu 2 linabadilisha mchanganyiko wote. Funika kirija cha rangi mara moja, maana utakihitaji tena.

Vaa glavu. Tandaza karatasi ya plastiki ya kufunikia chakula, laza vishungi vitatu bila kugusana, na uvipake pande zote mpaka visionekane. Kunja plastiki juu yake na uanze kuhesabu dakika. Plastiki ni muhimu, kwa sababu rangi ikikauka hewani huacha kufanya kazi, na utadhani nywele ndizo zilizoikataa. Acha vishungi kwenye joto la kawaida la chumba.

Dakika ya 10 ikifika toa kishungi cha kwanza, suuza mpaka maji yawe meupe, osha kwa shampuu kidogo na ukaushe kabisa. Fanya hivyo tena dakika ya 20 na ya 35. Kuna makosa mawili ya macho ya kuepuka. La kwanza ni kusoma rangi ya krimu badala ya rangi ya unywele: krimu yenyewe hugeuka nyeusi au zambarau ikikutana na hewa, na haikuambii chochote kuhusu kinachotokea ndani. La pili ni kusoma nywele zikiwa mbichi, kwa kuwa maji huzifanya zionekane nyeusi zaidi kuliko zilivyo. Panga vishungi vyote vinne juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, mchana, kimoja kando ya kingine.

Ukiona kishungi kinapata joto, kinatoa povu au kinatoa harufu kali mara tu kinapokutana na mchanganyiko, kitupe kwenye maji baridi na usimpake mtu huyo. Huenda nywele zina chumvi za metali kutoka kwenye rangi za unga au hina iliyochanganywa na kemikali, na chumvi hizo hupambana na peroksaidi. Hicho kishungi kimekuepusha na kuunguza kichwa.

Kupima kuchuja

Sehemu hii huachwa na wengi, na ndiyo inayojibu swali la rangi itadumu kwa muda gani. Chukua kishungi kilichokolea vizuri zaidi, kigawe kwa urefu wake viwe viwili, na ufunge kila kimoja. Kimoja kiweke kwenye bahasha, mbali na mwanga. Kingine kioshe mara 5.

Mosho mmoja ni hivi: mililita 200 za maji ya uvuguvugu, kama nyuzi 40 za selsiasi, kwenye bakuli jeupe, na mililita 2 za shampuu utakayotumia kweli. Tikisa kishungi humo kwa dakika 2, suuza, kamua kwa taulo la karatasi. Badilisha maji kila mara. Maji ya mosho wa kwanza yakiwa na rangi, usiogope, hiyo ni rangi iliyobaki juu ya magamba. Maji ya mosho wa nne na wa tano yakiwa bado na rangi, hapo kuna jambo. Ukimaliza kausha, toa kile cha bahasha, na uvilinganishe sehemu kwa sehemu: shina kwa shina, ncha kwa ncha.

Mtu anayeosha mara moja kwa wiki atakuwa amefika hapo baada ya wiki 5. Anayeosha mara mbili, baada ya wiki mbili na nusu hivi. Bakuli, hata hivyo, halina jua wala pasi. Kichwani rangi itachuja zaidi ya ulivyoona, kamwe si pungufu kwa kiasi cha kutegemea.

Mfano mmoja hadi mwisho

Tuchukue nywele za sentimita 28. Sentimita 5 za juu ni nywele mpya ambazo hazijapakwa chochote, za kahawia kiwango cha 5, na karibu theluthi yake ni mvi. Sentimita 13 za kati zilipakwa kahawia zamani na sasa zimepauka hadi kiwango cha 6. Sentimita 10 za mwisho zilipigwa blichi hadi kiwango cha 8, njano njano. Viwango ni vile vya kawaida vya rangi za nywele, 1 ni nyeusi na 10 ni ya dhahabu iliyopauka sana. Mwenye nywele anataka kahawia moja ya kiwango cha 5 kuanzia juu hadi chini, kwa rangi ya kudumu na developa ya asilimia 6, ambayo chupa nyingi huiandika kuwa ni volyumu 20.

Tone la maji linakaa kwenye shina, linasambaa polepole katikati, na linanywewa na ncha mara moja. Kisha vishungi vinasema hivi. Kwenye kile cha dakika 10, mvi za shina zina manjano hafifu tu, katikati imeanza kukolea, na ncha zimeshafika kiwango cha 5. Dakika 20, mvi zimepata rangi lakini bado zinapenyeza mwanga, katikati iko sawasawa na inavyotakiwa, na ncha zimeshuka hadi kiwango cha 4 na zina ukijivu. Dakika 35, mvi zimefunikwa vizuri, katikati imezidi kidogo, na ncha ni karibu nyeusi. Baada ya mioshio 5 ya kishungi cha dakika 35, shina halijabadilika, katikati imepungua kidogo, na ncha zimerudi hadi kiwango cha 7, tena zikiwa na rangi ya ukijani kama khaki.

Ukijani huo unahitaji maelezo. Nywele za kahawia zina wekundu na umanjano wa asili chini ya rangi unayoiona. Blichi imeuondoa karibu wote, na rangi ya kahawia uliyoweka juu yake haina cha kuegemea, kwa hiyo ubaridi wake, yaani ukijivu na ukijani, ndio unaojitokeza, hasa inapoanza kuchuja. Kuacha rangi kwa muda mrefu zaidi hakusaidii. Kunazidisha weusi wa leo na kuacha ukijani uleule wa kesho.

Mpango unaotokana na majibu haya ni wa sehemu tatu. Shina linapakwa kwanza na kukaa dakika 35 kamili. Katikati inapakwa dakika ya 15, ili ipate 20 zake. Ncha hazipakwi rangi hii kabisa. Zinajazwa kwanza joto lililopotea, yaani ule wekundu na umanjano, kwa rangi isiyo ya kudumu ya dhahabu yenye shaba, kiwango cha 7, zinasuuzwa na kukaushwa kwa taulo, halafu zinapakwa rangi isiyo na amonia, yenye developa hafifu, kiwango cha 6 chenye mguso wa dhahabu, kwa dakika 10. Kiwango ni cha 6 na si 5 kwa sababu ncha hizi zimeshaonyesha kuwa hushuka kiwango kizima zaidi ya ilivyoandikwa kwenye kirija.

Mpango mpya nao unapimwa kwenye kishungi kingine, na ncha zake zinaoshwa mara 5 vilevile. Zikitoka kati ya kiwango cha 5 na 6, kahawia bila ukijani, endelea. Zikiwa bado na ukijani, ongeza shaba kwenye hatua ya kujaza, usiongeze muda. Na mwenye nywele aambiwe mapema kwamba ncha zitahitaji kurudiwa rangi kabla ya mashina, kama kishungi kilivyoonyesha, ili asije akapaka rangi ya kudumu tena juu ya kichwa kizima kila zinapopauka. Hilo ndilo linalojaza ncha rangi tabaka kwa tabaka mpaka zinakuwa nyeusi kuliko nywele nyingine zote.

Pale ambapo kishungi hukosea

Kishungi kilicholala mezani hakina joto la kichwa. Sentimita ya kwanza kutoka kwenye ngozi hukolea upesi zaidi kichwani kuliko kwenye plastiki, na tofauti huonekana zaidi unapong'arisha nywele kuliko unapozitia giza. Kwa hiyo muda wa shina uliopata mezani uchukulie kuwa ndio wa juu kabisa, na uanze kukagua dakika 5 au 10 kabla: futa kishungi kimoja kwa karatasi mbichi na ukitazame. Kwa mvi usikate muda kwa haraka, zinahitaji dakika zilizoandikwa ili rangi imalize kuungana ndani.

Kwa rangi zisizotumia developa, kama za buluu, waridi na zambarau, usomaji hubadilika. Chembe zake zimeshakuwa na rangi tangu kwenye chupa, na nyingi hubaki karibu na uso wa unywele. Kwenye shina lisilowahi kuguswa zinaweza kuondoka kwa mioshio michache hata kama upenyevu ni mdogo, kwa kuwa hazikuingia ndani. Kwenye ncha zilizopigwa blichi, nyingine hung'ang'ania miezi na nyingine huisha upesi, kutegemea rangi yenyewe. Hapo usitumie kanuni yoyote ya jumla. Osha kishungi mara 5, na kama rangi ni ya bei au ya sherehe, mara 10.

Hifadhi vishungi vyako vikavu kwenye bahasha, pamoja na jina la rangi, namba yake, uwiano, dakika na tarehe. Majibu yake ni halali kwa nywele za hali ileile tu. Kukiwa na blichi mpya, dawa ya kulainisha, au miezi kadhaa ya pasi katikati, kata vingine.